Emita foloa kama bafa: mwongozo kamili wa kuijenga, kuipima na kuelewa kwa nini haimchoshi anayeilisha

Malalamiko yanayonifikia kuhusu saketi hii ni yale yale. Mtu ameunga transista yake kama bafa, yaani saketi ya kati inayokiwezesha chanzo dhaifu kulisha mzigo mzito, volti za beisi na emita ni zile zinazotakiwa, lakini ishara bado inapungua, au upande wa chini wa wimbi unakatwa kama kwa kisu, au spika inatoa mnong'ono tu. Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu: rezista za beisi ni ndogo mno, rezista ya emita ni kubwa mno, au bafa imepewa mzigo isiouweza.

Tutajenga bafa moja tu, tuipime, kisha tuiboreshe. Tatizo letu ni hili: chanzo chenye ukinzani wa ndani wa 10 kΩ kinatakiwa kulisha mzigo wa 1 kΩ. Ukiviunga moja kwa moja, mzigo unapata sehemu 1 kati ya 11 za ishara. Ikiingia 1 V, inatoka 0.09 V.

## Vifaa

- Transista 1 ya BC547B
- Rezista: 47 kΩ mbili, 22 kΩ moja, 10 kΩ moja, 1.5 kΩ moja, 1 kΩ moja, 100 Ω mbili
- Kapasita: 1 µF moja, 47 µF moja, 100 µF moja (zote za 16 V au zaidi), 100 nF moja ya seramiki
- Umeme wa DC wa 12 V, uliotulia
- Bredibodi na nyaya
- Maltimita
- Osiloskopu, hata ile ndogo ya mkononi
- Simu yenye tundu la hedifoni na programu ya kutoa mlio wa 1 kHz

Simu peke yake ina ukinzani mdogo wa kutolea, kwa hiyo haifai kuwa mfano wa chanzo dhaifu. Ndiyo maana tutaitanguliza na ile rezista ya 10 kΩ. Kuanzia sasa, "chanzo" ni simu pamoja na rezista hiyo.

Kama dukani wanakupa 2N3904 badala ya BC547B, inafaa, ila miguu yake imepangwa kinyume. Ukiutazama upande bapa, miguu ikiwa chini, BC547 inakwenda kolekta, beisi, emita kutoka kushoto. 2N3904 inakwenda emita, beisi, kolekta.

## Hatua ya 1: Unga njia ya DC kwanza, bila ishara

Kolekta iende moja kwa moja kwenye 12 V. Hapana rezista hapo. Ukiweka rezista ya kolekta kwa mazoea ya amplifaya ya kawaida, unapunguza nafasi ya wimbi bila kupata chochote.

Emita ishuke hadi graundi kupitia 1.5 kΩ. Beisi ikae katikati ya rezista mbili za 47 kΩ, moja kutoka 12 V na nyingine kwenda graundi. Kapasita ya 100 nF iwe kati ya kolekta na graundi, karibu kabisa na transista.

Washa, kisha pima kutoka graundi:

```
Kolekta: 12 V
Beisi:   5.7 V hivi
Emita:   5.1 V hivi
```

Huenda ulitarajia beisi iwe 6 V kamili, nusu ya 12. Inapungua kidogo kwa sababu beisi inakunywa mkondo wake, takriban 12 µA, na mkondo huo unapita kwenye rezista za kugawa volti. Emita ikisoma kati ya 4.9 na 5.2 V, uko salama. Tofauti hiyo inatokana na beta ya transista yako, yaani mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya ule wa beisi. Kwa BC547B beta inaanzia 200 hadi 450, nami natumia 290 katika hesabu zote hapa.

Gawanya 5.1 V kwa 1.5 kΩ. Unapata 3.4 mA. Huu ndio mkondo wa utulivu, yaani mkondo unaopita kwenye emita wakati hakuna ishara. Uandike mahali, kwa maana utaamua mambo mawili makubwa huko mbele.

Onyo: kama tofauti ya beisi na emita si kati ya 0.6 na 0.7 V, zima mara moja. Ukiwa umegeuza emita na kolekta, makutano ya beisi na emita yanabebeshwa volti za kinyume kupita 6 V ambazo BC547 inaruhusu. Transista iliyopita hapo inaweza kuendelea kufanya kazi huku beta yake imeshuka, na utapoteza siku nzima ukitafuta kosa kwingine. Ibadilishe.

## Hatua ya 2: Ingiza ishara

Kutoka kwenye chanzo, pitisha ishara kwenye kapasita ya 1 µF hadi beisi. Kama kapasita ina upande wa chanya, upande huo uelekee beisi, kwa sababu beisi ina 5.7 V na simu ina 0 V. Kutoka emita, pitisha kwenye kapasita ya 100 µF, chanya ikiwa upande wa emita, halafu kwenye mzigo wa 1 kΩ unaoshuka graundi. Graundi ya simu iungwe na graundi ya saketi. Simu isiwe kwenye chaja, la sivyo mvumo wa umeme wa nyumbani utaingia kwenye vipimo.

Kapasita ya kutokea ni kubwa kwa sababu inaukabili mzigo wa 1 kΩ. Ya kuingilia inakabili ukinzani mkubwa zaidi, hivyo 1 µF inatosha kupitisha sauti hadi chini ya 10 Hz.

Weka osiloskopu kwenye simu, kabla ya rezista ya 10 kΩ, na upandishe sauti hadi uone 1 V kutoka kilele hadi kilele. Sasa hamia kwenye mzigo. Unapaswa kuona 0.67 V hivi, wimbi likiwa safi na likipanda pale pale linapopanda la kuingilia, bila kupinduliwa.

Kutoka 0.09 V hadi 0.67 V ni hatua kubwa. Lakini bafa nzuri ingetoa zaidi ya hapo, na theluthi iliyopotea ndiyo inayowachanganya wengi. Kabla ya kuitafuta, inabidi tuelewe kinachotokea ndani.

## Kwa nini chanzo hakihisi mzigo

Jina linaeleza kila kitu: emita inaifuata beisi. Beisi ikipanda, emita inapanda nayo, ikibaki nyuma kwa zile 0.65 V hivi.

Tuseme chanzo kimepandisha beisi kwa 0.1 V. Emita nayo inapanda karibu 0.1 V. Kwa ishara, emita inaona rezista mbili sambamba, yake ya 1.5 kΩ na mzigo wa 1 kΩ, ambazo kwa pamoja ni 600 Ω. Kupandisha 600 Ω kwa 0.1 V kunahitaji mkondo wa ziada wa 0.167 mA.

Nani analipa mkondo huo? Kolekta, yaani umeme wa 12 V, inalipa karibu wote. Beisi inalipa sehemu 1 kati ya 291 tu, kwa kuwa mkondo wa emita ni beta pamoja na 1 mara mkondo wa beisi. Hiyo ni 0.57 µA.

Sasa jiweke mahali pa chanzo. Umesukuma 0.1 V, na umetozwa 0.57 µA. Kwako wewe, kilichopo mbele ni rezista ya takriban 175 kΩ. Zile 600 Ω zipo palepale, ila zimeonekana zikiwa zimezidishwa mara 291. Hesabu kamili inaongeza ukinzani mdogo wa ndani ya emita, re, ambao ni 25 mV kugawanya kwa mkondo wa utulivu:

```
re  = 25 mV / 3.4 mA = 7.4 Ω
Rb  = (β + 1) × (re + RE‖RL)
    = 291 × (7.4 + 600) = 177 kΩ
```

Zingatia kwamba mzigo bado unaonekana. Bafa haiufichi, inaukuza tu machoni pa chanzo. Ukiubadilisha mzigo kutoka 1 kΩ hadi 100 Ω, ukinzani kwenye beisi unaporomoka hadi kama 29 kΩ. Anayedhani bafa ni ukuta kati ya pande mbili atashangaa siku hiyo.

## Kwa nini mzigo hauhisi udhaifu wa chanzo

Hesabu ni ile ile, ila tunaitazama kutoka upande wa pili.

Tuseme mzigo umeongeza ulafi wake kwa 0.1 mA. Beisi inaombwa sehemu 1 kati ya 291 ya hiyo, yaani 0.34 µA. Mkondo huo mdogo unapita kwenye ukinzani wa chanzo, 10 kΩ sambamba na rezista za beisi, jumla 7 kΩ, na kushusha beisi kwa 2.4 mV. Juu ya hapo, makutano ya beisi na emita yanahitaji kufunguka zaidi kidogo ili kupitisha mkondo ulioongezeka, na hilo linagharimu 0.74 mV.

Kwa hiyo emita imeshuka kwa 3.1 mV pekee baada ya kuombwa 0.1 mA. Gawanya, unapata 31 Ω.

```
Ro = re + (Rs‖R1‖R2) / (β + 1)
   = 7.4 + 7000 / 291 ≈ 31 Ω
```

Mzigo uliokuwa unakabili 10 kΩ sasa unakabili 31 Ω. Namba ile ile 291 iliyozidisha mzigo kwa ajili ya chanzo ndiyo inayogawanya chanzo kwa ajili ya mzigo. Ndiyo maana ukibadili chanzo kiwe dhaifu zaidi, tuseme 100 kΩ, ukinzani wa kutolea nao unapanda. Anayeandika kwamba "ukinzani wa kutolea wa emita foloa ni re" anazungumzia chanzo chenye ukinzani wa sifuri, jambo ambalo ni nadra kwa mtu anayehitaji bafa.

## Hatua ya 3: Pima ukinzani wa kuingilia

Usichukue maltimita kwenye kipimo cha Ω ukaigusisha kwenye beisi. Kipimo hicho kinasukuma DC yake, na saketi iliyowashwa ina DC yake; namba utakayopata haina maana.

Tumia rezista ya 10 kΩ ambayo tayari ipo. Pima ishara kabla yake na baada yake, ukiweka probu kwenye x10 ili isiongeze mzigo. Kabla ni 1.00 V, baada ni 0.67 V hivi. Basi:

```
Ri = 10 kΩ × 0.674 / (1.00 - 0.674) ≈ 20.7 kΩ
```

Hapa ndipo ile theluthi ilipokwenda. Beisi yenyewe ni 177 kΩ, lakini chanzo kinaona pia rezista mbili za 47 kΩ. Kwa ishara, waya wa 12 V ni sawa na graundi, hivyo rezista hizo ziko sambamba: 23.5 kΩ. Transista imefanya kazi yake yote, kisha sisi tukaweka njia ya mkato pembeni yake.

Wasomaji walioniletea michoro yenye 10 kΩ na 10 kΩ kwenye beisi wamejipa 5 kΩ. Kwa chanzo cha 10 kΩ, theluthi mbili za ishara zinaishia hapo, na hakuna transista yoyote, hata ya beta 1000, inayoweza kuzirudisha.

## Hatua ya 4: Pima ukinzani wa kutolea

Shusha sauti ya simu hadi 0.1 V kutoka kilele hadi kilele. Ni muhimu iwe ndogo, na sababu utaiona katika hatua ya 6.

Toa mzigo kabisa na upime pato: 68.7 mV hivi. Weka rezista ya 100 Ω kama mzigo na upime tena: 52.5 mV hivi.

```
Ro = 100 Ω × (68.7 / 52.5 - 1) ≈ 31 Ω
```

Nimechagua 100 Ω kwa makusudi. Ukitumia 1 kΩ, tofauti kati ya vipimo viwili ni asilimia 3 tu, na makosa ya macho kwenye skrini yanaimeza. Maltimita nyingi za bei nafuu hazifai hapa, kwa kuwa kipimo chao kidogo kabisa cha AC ni 200 V.

Ukipata 25 au 40 Ω, usihangaike. Beta ya transista yako si lazima iwe yangu. Ukipata mamia ya Ω, kagua kapasita ya kutokea. Huenda umeweka 1 µF, ambayo kwa 1 kHz ina upinzani wake wa karibu 160 Ω.

## Hatua ya 5: Ondoa mzigo wa rezista za beisi

Jawabu la haraka ni kuongeza rezista za beisi, mathalani 470 kΩ mbili. Shida ni kwamba mkondo wa beisi sasa unapita kwenye 235 kΩ na kushusha volti mno, na kiasi kinategemea beta. Transista moja itakupa emita ya karibu 3 V, nyingine karibu 4 V. Siipendi njia hiyo.

Njia bora mafundi wanaiita butistrapu. Zima umeme. Ondoa beisi kwenye makutano ya rezista mbili za 47 kΩ, kisha iunge tena kupitia 22 kΩ. Halafu unga kapasita ya 47 µF kutoka emita hadi kwenye makutano hayo, chanya ikiwa upande wa makutano. Ndiyo, makutano, yana 5.7 V ilhali emita sasa ina takriban 4.8 V. Kapasita ya kuingilia inabaki palepale kwenye beisi.

Angalia kinachofanyika. Beisi ikipanda 0.1 V, emita inapanda nayo, na kapasita inayabeba makutano juu vilevile. Rezista ya 22 kΩ imepandishwa ncha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo karibu hakuna mkondo wa ishara unaopita ndani yake. Emita inafuata kwa asilimia 98.7, hivyo tofauti iliyobaki ni asilimia 1.3, na 22 kΩ inaonekana kama rezista ya karibu 1.7 MΩ.

Rezista za 47 kΩ hazijatoweka, ila sasa zinalishwa na emita, ambayo ina nguvu ya kutosha. Kinachobaki mbele ya chanzo ni takriban 156 kΩ.

Rudisha ishara ya 1 V na mzigo wa 1 kΩ. Pato linapaswa kuwa 0.93 V hivi. Likiishia karibu na 0.77 V, kapasita haijaungwa au ni mbovu. Ukipima ukinzani wa kutolea tena utaukuta umepanda hadi kama 41 Ω, kwa sababu rezista za beisi haziko tena sambamba na chanzo. Ni gharama ndogo.

## Hatua ya 6: Tafuta kikomo cha wimbi

Hili ndilo linalowashinda wengi zaidi, kwa kuwa hesabu ya 31 Ω inawapa matumaini yasiyo yake.

Transista yetu inaweza kusukuma mkondo kwenda kwenye mzigo, lakini haiwezi kuuvuta urudi. Wimbi linaposhuka, kazi ya kuvuta inaachiwa rezista ya emita peke yake. Transista inachoweza ni kupunguza mkondo wake hadi ufike sifuri. Ukifika hapo, emita imeacha kuifuata beisi. Kilele cha chini kabisa ni:

```
V kilele = I utulivu × (RE‖RL)
         = 3.4 mA × 600 Ω ≈ 2 V
```

Mwenzetu mmoja aliweka 10 kΩ kwenye emita akiamini inapandisha ukinzani wa kuingilia. Mkondo wake wa utulivu ukawa 0.53 mA, na kwa mzigo wa 1 kΩ kilele cha chini kikawa 0.48 V. Alipoingiza wimbi la kilele cha 1 V, nusu ya juu ilitoka nzima na ya chini ikakatwa bapa. Na ukinzani wa kuingilia haukupanda kiasi cha kujali, kwa sababu mzigo wa 1 kΩ ndio uliokuwa ukiuamua.

Spika ya 8 Ω ni hali hiyo hiyo iliyozidi. 3.4 mA kwenye 8 Ω ni 27 mV za kilele, basi. Ukinzani wa kutolea wa 31 Ω ni kweli kwa mabadiliko madogo tu. Hausemi lolote kuhusu mkondo mwingi. Kwa spika unahitaji transista mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kuvuta.

Ukiona wimbi limekatwa chini, punguza rezista ya emita. Likikatwa juu, beisi imewekwa juu mno au ishara yenyewe imezidi.

## Hatua ya 7: Kabla ya kuunga waya mrefu

Waya wa sauti wenye urefu wa mita kadhaa una ukapasita, na emita foloa ikilishia ukapasita inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwa mamilioni ya mizunguko kwa sekunde. Hutausikia mtetemo huo. Dalili ni kwamba volti ya DC ya emita inabadilika ukisogeza kidole karibu na beisi, au mstari wa osiloskopu unanenepa bila sababu.

Weka 100 Ω mfululizo na beisi, mguu wake ukigusa beisi karibu kabisa, na 100 Ω nyingine kati ya kapasita ya kutokea na waya. Ya beisi haigharimu kitu mbele ya 156 kΩ. Ya kutokea inaongezeka moja kwa moja kwenye ukinzani wa kutolea, hivyo pato letu kwenye 1 kΩ linashuka hadi kama 0.85 V, iweke tu pale ambapo waya ni mrefu kweli.

Zima, washa tena na upime emita kwa mara ya mwisho, kidole kikiwa karibu na kikiwa mbali. Ikisimama kwenye 4.8 V hivi pande zote mbili, hamisha saketi kutoka bredibodi uichomelee.